Koti Lenye Mfuko wa Kulia

Kazi yangu ni kutowaamini watu. Nalipwa kwa hilo, na kabla ya mwaka huu nilijiona naifanya vizuri kuliko wengi. Ofisi yetu iko juu ya duka la magodoro, chumba kimoja chenye meza sita na feni moja inayozunguka ikijisikia. Mtandao wetu ni soko: watu huweka matangazo ya nyumba za kupangisha, viwanja, friji, pikipiki, chochote. Tangazo huonekana papo hapo, sisi wakaguzi hulifuata nyuma, tunazichukua picha zake na kuuliza mtandao mzima swali moja tu: hii imewahi kuonekana wapi?

Aliyenifundisha kazi tunamwita Mama Hapana, kwa sababu ndiyo jibu lake kwa karibu kila tangazo. Siku yangu ya kwanza alinipa maneno matatu: nzima, kata, geuza. Kwanza unaitafuta picha nzima kama ilivyo. Isipoleta kitu, unakata kipande chenye alama, labda zulia, labda dirisha, labda mchoro ukutani, unakitafuta peke yake. Kisha unaigeuza picha, kushoto iwe kulia, kama unavyoona kwenye kioo, unatafuta tena. Wezi wamejua siku nyingi kwamba picha iliyogeuzwa inaweza kuuponyoka utafutaji, na wanaigeuza kwa kugusa kitufe kimoja. Mama Hapana alisema kitu kingine, na hicho ndicho kilichonimaliza. Alisema utafutaji ukirudi mikono mitupu, picha haijawa safi. Maana yake ni kwamba huko ulikouliza hawaijui.

Kwa njia hiyo nimeona vioja. Nimeona nyumba ya "mtaa wa karibu na soko" yenye theluji dirishani. Nimeona jiko moja likiwa katika nyumba kumi na nne. Nimeona muuza simu mwenye uso wa daktari wa meno wa nchi nyingine, na mwanamke "anayehama ghafla" akiuza kochi ambalo liko kwenye katalogi ya kiwanda. Nilikuwa nawacheka waliotapeliwa. Mwenye macho haambiwi tazama, nilikuwa nasema, nikinywa chai yangu.

Sasa nieleze ya kwetu. Kaka yangu, mkubwa wangu wa pekee, kila mtu alimwita Ngazi kwa urefu wake. Miaka sita iliyopita aliondoka kwa mkataba wa kazi nchi ya mbali. Mwaka wa kwanza alipiga simu kila wiki. Mwaka wa pili simu zikapungua, halafu siku moja namba haikupatikana, na mpaka leo haipatikani. Ofisi iliyompeleka ilifungwa. Tuliuliza tulikoweza kuuliza, tukaambiwa tusubiri. Ngojangoja huumiza matumbo, na ya mama yaliumia kweli. Alikonda mpaka pete ikawa inamtoka kidoleni yenyewe.

Mkewe, wifi yangu, hakuondoka. Alibaki na mama, akishona mapazia katika chumba cha mbele. Ndiye aliyempeleka mama hospitali macho yalipoanza kuingia ukungu, ndiye anayemsomea kila karatasi. Mwaka jana fundi vioo wa mtaa wa pili alianza kuleta maneno ya posa. Mtu mpole, amefiwa na mke, mikono yake imejaa makovu madogo ya kioo. Mama alilia siku tatu, kisha akaniita, akasema mtoto wa watu hawezi kuzeeka kwenye mlango wa mtu asiyerudi. Aseme ndiyo, yeye mama amembariki. Wazee wa fundi wakaambiwa waje Jumamosi.

Jumanne ya wiki hiyo hiyo, asubuhi, likaja mbele yangu tangazo la nyumba ya vyumba vitatu, bustani, geti, bei ya kutupa. Bei ya namna hiyo peke yake ni kikohozi, dalili ya ugonjwa. Nikaitafuta picha nzima, hakuna. Nikakata ngazi ya mbao, hakuna. Nikaigeuza, na hapo hapo ikaja: hoteli ndogo ya mapumziko, picha zile zile ziko kwenye tovuti yao, jina la hoteli lilikuwa juu ya geti na mwizi alilifuta vibaya. Kazi ya dakika tatu. Nikafungua wasifu wa dalali ili niandike taarifa na kuuondoa.

Picha ya dalali ilikuwa ya kaka yangu.

Alikuwa na koti la kijivu na tai. Sikuwahi kumwona na koti maishani mwake. Alikuwa anatabasamu kwa kujizuia, kama mtu aliyeambiwa asicheke. Nilipeleka picha ile kwenye utafutaji, nikaitafuta nzima. Hakuna kilichopatikana. Nikaisoma mara mbili, hakuna kilichopatikana, na moyo ukaniambia: basi ni mpya. Haijaibwa popote. Ameipiga mwenyewe, huko aliko, yu hai.

Sikukata. Sikugeuza. Nyumba niliigeuza, ya watu nisiowajua; kaka yangu sikumgeuza.

Nikafanya jingine baya zaidi. Badala ya kuuondoa wasifu, nikauacha, kwa sababu kuuondoa ni kuifunga akaunti, na akaunti ndiyo ilikuwa uzi pekee. Nikamwandikia kama mteja. Nikauliza nyumba bado ipo, akasema ipo. Nikauliza, mama yako hajambo? Likaja jibu: "Mama hajambo, tuma kwanza pesa ya kuonyeshwa nyumba." Mtu mwenye akili angeona mwizi anayeitikia chochote. Mimi niliona "mama hajambo", nikaenda chooni kulia.

Nilijiambia Ngazi ameharibika huko, ameingia kundi baya, anaona aibu. Kuharibika kunarekebishika. Nikatoka kazini kabla ya saa yangu.

Nyumbani niliwakuta wawili chumba cha mbele, mama anakunja pazia, wifi yuko kwenye cherehani. Nikampa mama simu, nikaikuza picha mpaka ikajaa. Aliisogeza karibu na jicho lake zima. Kisha akacheka. Miaka minne sikuwa nimesikia kicheko kile, kinaanzia kifuani na kuishia kwenye mabega. Alisema uso umebadilika kidogo, kama umepinda upande, lakini ugeni humbadilisha mtu, na shida nazo. Akaibusu simu. Akanyoosha mkono bila kutazama, akaushika mkono wa wifi, akauvuta mpaka kwenye skrini.

Wifi alitazama kwa muda mrefu. Mguu wake ulikuwa bado kwenye kanyagio la cherehani.

"Waambieni wasije Jumamosi," alisema.

Basi. Hakusema jingine, akarudi kwenye pindo lake. Mimi nikaona huo ndio uaminifu wenyewe, nikajivunia familia yangu.

Mama akataka aandikiwe kila siku. Nikamwekea akaunti kwenye simu yake, nikamwonya wifi kwamba huyo dalali ataomba pesa, asitume hata senti, mpaka tujue kaka amenaswa na nani. Wifi akaitikia kwa kichwa. Ikawa kila jioni baada ya chakula mama anasema maneno, wifi anaandika, jibu likija wifi anasoma. Anasema yupo salama. Anasema kazi ni nyingi. Anasema anakusalimu, anakumbuka ulivyokuwa unamfokea kwa kula amesimama. Mama anaitikia kama vile mtu yuko chumba cha pili. Alianza kula vizuri. Wiki ya pili pete ilikuwa imekaa kidoleni.

Wiki hiyo hiyo mama akataka picha ichapwe kwenye karatasi, kubwa, akanituma niipeleke ikawekwe kwenye fremu. Duka la vioo la karibu ni moja tu. Nilipita pale mlangoni mara mbili kabla ya kuingia.

Fundi vioo alinisalimia kama kawaida, shikamoo ya mama akaniagiza niifikishe. Akaiweka picha mezani, akapima, akakata kioo kwa mkwaruzo mmoja. Kabla ya kukifunika akasimama, akainama. Akaichukua picha, akaipeleka mbele ya kioo kikubwa cha kujitazamia kilichoegemea ukuta, akamtazama kaka yangu mle ndani. Akarudi.

"Shemeji, picha hii imegeuzwa," alisema. "Mfuko wa kifuani huwa upande wa moyo. Huyu wake uko kulia. Na vifungo vimefungwa kike."

Nikamwambia labda ni koti la mtindo wa huko. Akasema inawezekana. Alikuwa anapanga misumari midogo mmoja mmoja, hanitazami usoni. Akasema yeye anashinda na vioo, kitu kilichopinduka anakiona kabla hajakitafuta, lakini maneno hayo si yake kuyasema. Akiyasema yeye wataona wivu. "Hiyo si ndiyo kazi yako wewe?" akaniuliza, kwa upole kabisa, bila kejeli. Nilitamani angenitukana. Fremu hakuichukulia malipo.

Mganga hajigangi, wanasema. Nilirudi ofisini siku hiyo hiyo, nikakaa, nikafungua picha ya kaka, nikaigeuza. Kitufe kimoja. Nikatafuta.

Ilikuja ya kwanza kabisa juu. Studio ya picha ya mji wetu huu huu, dakika kumi kwa miguu kutoka nilipokaa, ile iliyogeuka kuwa duka la viatu. Ukurasa wao wa mifano ulikuwa bado hewani: picha za pasipoti, picha za kazi, mavazi tunakuazima. Tarehe ilikuwa ya wiki moja kabla Ngazi hajaondoka. Nikashuka chini ya ukurasa, nikamwona kijana mwingine ndani ya koti lile lile la kijivu, na mwingine, na mwingine, wanne, limewabana au limewapwaya. Lilikuwa koti la studio. Na picha ya kaka pale ilikuwa kubwa kuliko ya kwenye wasifu, haijakatwa. Mwizi alikuwa amekata pembe moja ili uso ubaki peke yake. Kwenye pembe hiyo kulikuwa na mkono wa mwanamke, unanyoosha ukosi wa koti, na kidoleni kuna pete ya shaba yenye jiwe jekundu.

Pete hiyo naijua. Naiona kila siku ikipanda na kushuka kwenye cherehani.

Sijui nilikaa pale muda gani. Nilichohisi kwanza si huzuni, ilikuwa aibu, na huzuni ikaja baadaye na kuikuta imekaa. Kaka yangu hakuwa na picha mpya. Hakuwa na akaunti, wala kundi baya, wala mama hajambo. Alikuwa pale pale tulipomwacha miaka minne nyuma, kwenye namba isiyopatikana. Na mimi ndiye niliyemfufua kwa uvivu wa kitufe kimoja.

Wifi nilimkuta uani anaanua mapazia. Nilimwonyesha picha nzima, yenye mkono wake. Aliitazama kidogo tu, kama mtu anayeonyeshwa kitambulisho chake mwenyewe.

"Picha hii sikuwahi kuiona," alisema. "Lakini koti nililijua siku ile ile. Mimi ndiye niliyemfunga vifungo."

Nikamuuliza kwa nini alinyamaza. Nadhani nilipaza sauti, maana alinishika kiwiko na kunisogeza mbali na dirisha la mama.

"Ningesema mimi, ningekuwa nimemuua ili niolewe," alisema. "Wewe ungeniamini? Siku nne kabla ya wazee kuja? Mama ameshanishika mkono, anacheka. Nilingoja useme wewe. Nilijua utaiangalia vizuri, ndiyo kazi yako. Nikasema kesho atakuja na kusema amekosea. Kesho ikapita."

Nikauliza na majibu ya kila jioni. Akanipa simu ya mama nisome mwenyewe. Majibu yote yalikuwa sita, na yote ni mamoja: tuma ya kuonyeshwa nyumba, tuma kabla mwingine hajaichukua. La mwisho lilikuwa na siku kumi na moja. Salamu, kazi nyingi, kufokewa kwa kula amesimama, vyote alikuwa anavitoa kichwani mwake, akiwa amekaza macho kwenye skrini isiyosema kitu.

Nilikwenda kwa fundi vioo kesho yake asubuhi, nikamweleza kila kitu, nikamwomba awaambie wazee wake waje tena. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema alishaulizwa na dada zake kuhusu mahali pengine pa kuoa, na juzi alikubali, na watu wale hawana kosa. Akaniomba nisimwambie wifi kwamba alisita kabla ya kunijibu. Sijamwambia.

Kazini nako jambo lilikuwa limewiva. Mama Hapana aliniwekea mezani malalamiko mawili. Moja ni la mwalimu aliyefika na mkewe, wazazi wake na gari la mizigo mbele ya geti la hoteli, akakuta mlinzi anayemwonea huruma. Walikuwa wameshatoka walikokuwa wanakaa. Tangazo ni lile lile, dalali ni yule yule, na jina la mkaguzi aliyelifungua Jumanne ile na kuliacha ni langu.

Nilimwonyesha Mama Hapana picha mbili, ya mwizi na ya studio, nikamwambia huyu ni nani. Alizitazama zikiwa zimekaa ubavu kwa ubavu. Nilingoja hapana yake. Alivua miwani, akaifuta kwa kitambaa cha gauni, akasema nilipaswa kumpa mwingine aikague, mtu hakagui damu yake. Ni kanuni nzuri. Haikuwa imeandikwa popote kwa sababu hakuna aliyefikiria itahitajika. Kisha akasema niuondoe wasifu mwenyewe.

Kabla ya kuuondoa nilitaka kumtendea haki mama. Jioni hiyo nilikaa miguuni pake, chini ya ile fremu, nikamwambia polepole. Nikamwambia picha ni ya zamani, ni ya studio ya hapa, mwizi ameiokota na kuigeuza ili tusimjue. Nikataka kumwonyesha wale vijana wanne wenye koti. Hakuichukua simu.

"Ya zamani vipi, na mtu ananijibu kila siku?" aliniuliza. "Jana tu ameniuliza habari za macho yangu. Mwizi anajua macho yangu?"

Nikamtazama wifi. Wifi alikuwa anatazama mikono yake. Ningeweza kusema pale, mama, anayekujibu ni huyu. Lilikuwa kwenye ulimi. Lakini mama alikuwa amemwegemea, bega kwa bega, mwanamke aliyeacha ndoa kwa ajili yake, na nikaona nikilisema nitamnyang'anya mtoto wa pili jioni hiyo hiyo. Nikaizima simu, nikairudisha mfukoni. Mama akanipigapiga kichwani, akasema kazi yangu imenifundisha kuona wizi kila mahali, na hanilaumu.

Kesho yake nikabonyeza "ondoa". Tangazo likatoka, wasifu ukatoka, akaunti ikafungwa. Picha ya studio inabaki kwenye ukurasa wake, na najua itaokotwa tena na mwingine. Uso mtulivu, koti safi, wezi huupenda. Nilipofika nyumbani nilijiambia angalau hili litakwisha lenyewe. Mama ataandika, hakutakuwa na jibu, atahuzunika, na huzuni ya kweli ina mwisho wake. Ndivyo nilivyojifariji njiani.

Baada ya chakula mama alisema maneno yake. Wifi akaandika. Nilisimama nyuma yake, nikaona alichokiona: mahali pa picha palikuwa na duara la kijivu, na chini yake, akaunti hii haipo. Aliishika simu kwa mikono miwili. Cherehani ilikuwa imefunikwa, barabarani watu wanapita wakiongea mambo yao.

Mama akangoja. Akauliza, amejibu?

Wifi hakugeuka kunitazama. Aliinamia skrini tupu, akaisogeza karibu na uso kama herufi ni ndogo, akasoma kwa sauti yake ya kila siku.

"Amejibu, mama. Anasema leo amechoka, atalala mapema."

"Alale mwanangu," mama alisema. "Mwambie huko kuna baridi. Avae lile koti."